Dodoso la Hisabati Hujaribiwa Kwanza

Mpe mtoto wa darasa la tano karatasi yenye kauli hii: "Siogopi mtihani wa hisabati." Chini yake mwekee majibu ya kuchagua, kuanzia "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa". Mtoto anayeuogopa mtihani huo anatakiwa achague "sikubali", maana yake akatae kwamba haogopi. Wengi hawafiki huko. Anaisoma kauli, anajiambia moyoni "ndiyo, mimi naogopa", kisha anaweka alama ya vema kwenye "nakubali sana". Jirani yake, asiyeogopa chochote, anajiambia "hapana, siogopi", naye anaweka vema kwenye "sikubali kabisa". Mtafiti anazikusanya karatasi, anaingiza alama kwenye kompyuta, na kompyuta inamwambia kwamba mwoga ni jasiri na jasiri ni mwoga.

Hakuna aliyedanganya hapo. Ndivyo tunavyozungumza. Muulize mtu "Hujala?" na mmoja atakujibu "Ndiyo, sijala", mwingine "Hapana, sijala", nawe utawaelewa wote wawili kwa sababu neno la mwisho linakusaidia. Kwenye dodoso neno la mwisho halipo. Kuna vema tu.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu tafiti za mtazamo wa wanafunzi kuhusu hisabati ni nyingi mno kwenye vyuo vyetu vya ualimu na vyuo vikuu, na sababu yake inaeleweka. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, hisabati kwa miaka mingi imekuwa somo la lazima ambalo watahiniwa wengi zaidi hulifeli kuliko wanaolifaulu. Kila mwaka matokeo yakitoka tunasikia kwamba watoto wanalichukia somo, wanaliogopa, wamekariri kwamba ni gumu. Huenda ni kweli. Lakini ili mtu aseme hivyo kwa uhakika lazima awe amewauliza watoto wenyewe, tena kwa maswali waliyoyaelewa. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, mapema kabisa, kabla hata hesabu za takwimu hazijaanza.

Njia inayotumika sana ina umri mkubwa. Mwaka 1932 Mmarekani Rensis Likert alipendekeza kwamba badala ya kumuuliza mtu swali moja kubwa kuhusu mtazamo wake, umpe kauli kadhaa fupi, aseme anakubaliana na kila moja kwa kiasi gani, kisha ujumlishe alama. Mwaka 1976 Elizabeth Fennema na Julia Sherman, nao Wamarekani, walitumia njia hiyo kutengeneza dodoso maalumu la hisabati. Lilikuwa na maeneo 9, kila eneo kauli 12, na katika kila kauli 12, nusu ziliandikwa kwa upande wa kulipenda somo na nusu kwa upande wa kulikataa. Dodoso hilo limekopwa duniani kote, na hata leo mwanafunzi wa shahada ya uzamili akitaka kuwahoji watoto kuhusu hisabati, mara nyingi analichukua hilo au mojawapo ya madodoso yaliyolifuata, anatafsiri kauli chache, halafu anakwenda shuleni.

Kukopa si kosa. Kosa ni kudhani kwamba dodoso lililofanya kazi kwa kijana wa sekondari wa Marekani mwaka 1976 litafanya kazi vilevile kwa mtoto wa miaka 11 wa shule ya msingi hapa kwetu. Hata huko lilikotoka, mambo yamebadilika. Eneo mojawapo la Fennema na Sherman lilipima kama mwanafunzi anaiona hisabati kuwa somo la wanaume, na mwaka 1999 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kauli zake zimepitwa na wakati: hazikumpa nafasi mwanafunzi anayeamini kwamba wasichana ndio wenye uwezo zaidi. Kama kauli zinachakaa kwa wenyewe, zitaingiaje kwetu bila kujaribiwa?

Tuifuate kazi hii tangu mwanzo kwa mfano mmoja. Tuseme mtafiti anataka kujua mtazamo wa wanafunzi wa darasa la tano katika shule za serikali za wilaya moja, mahali ambapo hisabati inafundishwa kwa Kiswahili. Kabla hajaandika kauli hata moja, anapaswa kuamua anatafuta nini, kwa sababu "mtazamo" ni neno pana mno. Mtoto anaweza kulipenda somo na bado akaamini kwamba hataliweza. Anaweza kuliona lina manufaa makubwa na bado akaomba kengele ilie. Ukivichanganya vyote katika jumla moja, unapata namba isiyomhusu mtoto yeyote.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuwaacha watoto waandike kwanza. Nchini Italia, Pietro Di Martino na Rosetta Zan waliwaomba wanafunzi wa ngazi mbalimbali waandike insha kuhusu uhusiano wao na hisabati tangu walipoanza shule, wakakusanya insha zaidi ya 1,600 na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 2010. Waliona mambo matatu yakijirudia: mwanafunzi anajisikiaje kuhusu somo, anajiona ana uwezo kiasi gani, na anadhani hisabati yenyewe ni kitu cha namna gani. Mtafiti wetu hahitaji insha 1,600. Darasa moja au mawili, nusu ukurasa kwa kila mtoto, chini ya kichwa kama "Mimi na hisabati", vinatosha kumpa maeneo yake na, zaidi ya hayo, maneno ya watoto.

Maneno hayo ni mali. Mtafiti akikaa ofisini ataandika: "Huwa ninapata wasiwasi ninaposhiriki katika shughuli za kihisabati." Mtoto ataandika: "Nikiitwa ubaoni moyo unanidunda." Kauli ya pili ndiyo ya kuweka kwenye dodoso, karibu kama ilivyo, kwa sababu inataja jambo linaloonekana, mahali linapotokea, na hali ambayo mtoto anaitambua papo hapo. Anajua kama moyo wake hudunda au haudundi.

Basi tuseme mtafiti wetu amechagua maeneo matatu: kulipenda somo, kujiamini, na kuona manufaa yake. Ameandika kauli 8 kwa kila eneo, jumla 24. Amezipitia na kuondoa zile zinazouliza mambo mawili kwa pamoja, kama "Hisabati ni ngumu na inachosha", maana mtoto anayeiona ngumu lakini haimchoshi hana pa kujibu. Ameondoa pia "Wazazi wangu hunisaidia kazi za nyumbani za hisabati", kwa kuwa darasani wamo wanaolelewa na bibi, shangazi au kaka, na mtoto wa namna hiyo akifika kwenye neno "wazazi" ama anaruka kauli ama anakaa kimya anawaza mambo mengine. Ameandika badala yake "Nyumbani kuna mtu mzima wa kunisaidia kazi za hisabati." Kauli hiyo ina faida nyingine: haimlazimishi mtoto kumsema mzazi wake vibaya.

Sasa majibu. Likert alitumia ngazi tano, na ile ya katikati ilikuwa ya mtu asiye na upande. Kwa watoto ngazi hiyo ya katikati huwa kimbilio: asiyeelewa kauli anakwenda hapo, aliyechoka anakwenda hapo, anayemwogopa mwalimu anakwenda hapo, nao wote wanahesabiwa kama watu wasio na upande. Utafiti wa kimataifa wa TIMSS, ambao Oman, Botswana na Afrika Kusini zimewahi kushiriki, huwapa wanafunzi ngazi nne tu bila katikati, nami naona ndiyo busara kwa umri huo.

Lakini ngazi nne kwa Kiswahili zina mtego wake. Wengi huandika: "nakubali sana, nakubali kidogo, sikubali kidogo, sikubali kabisa". Isome ile ya tatu kwa sauti. "Sikubali kidogo" kwa masikio ya mtoto iko jirani mno na "sikubali hata kidogo", ambayo ni kukataa moja kwa moja. Kwa hiyo ngazi ya tatu na ya nne zinageuka kuwa kitu kimoja, au zinabadilishana nafasi. Ni afadhali kuachana na kukubali na kukataa, ukauliza kama jambo ni kweli kwa mtoto huyo, tena kwa hatua mbili. Kwanza: kwako wewe, hii ni kweli au si kweli? Akishachagua upande, ndipo unamuuliza: ni kabisa, au kwa kiasi tu? Karatasini majibu yanakuwa manne vilevile, lakini mtoto anafanya uamuzi mmoja kwa wakati mmoja.

Turudi kwenye kauli za kukanusha, kwa kuwa hizo ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Ziliwekwa kwa nia njema. Watoto, hasa wanapoulizwa na mtu mzima mgeni, huwa na tabia ya kukubali kila kitu. Ukiandika kauli zote kwa upande mmoja, mtoto wa namna hiyo atapata alama za juu kabisa bila kusoma chochote. Kwa hiyo wataalamu wakasema changanya: nyingine zilisifu somo, nyingine zililaumu, na zile za kulaumu alama zake zigeuzwe wakati wa kujumlisha. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba wengi wanadhani kulaumu ni kuweka "si-" mwanzoni. Wanachukua "Nafurahia kipindi cha hisabati" na kuandika "Sifurahii kipindi cha hisabati". Au wanaandika kwa nafsi ya pili, "hupenda" mahali pamoja na "hupendi" mahali pengine, herufi moja tu ikitofautisha, mbele ya mtoto ambaye bado anasoma kwa kufuata kidole.

Dawa ni kulaumu bila kukanusha. "Kipindi cha hisabati hunichosha." "Hisabati hunishinda hata nikijitahidi." Kauli hizi ziko upande wa kulikataa somo, lakini hazina ukanushi ndani yake, na mtoto anayechoshwa anajibu "kweli" kwa amani.

Mpaka hapo mtafiti ana dodoso analolipenda. Ni wakati wa kulipeleka kwa wenyewe, na hapa naomba nisisitize kwamba kuna majaribio ya aina mbili, ambayo wengi huyafanya kuwa moja. La kwanza ni kuzungumza na watoto wachache. La pili ni kulijaza darasani na kupiga hesabu. La kwanza hukuonyesha kwa nini kauli inashindwa, la pili hukuonyesha ipi imeshindwa. Yote mawili yafanyike baada ya kibali cha utafiti, barua za mkoa na halmashauri, ruhusa ya mwalimu mkuu na ridhaa ya wazazi au walezi. Na mtoto mwenyewe aambiwe kwamba anaweza kukataa bila kuulizwa sababu, hata kama mama yake ameshatia sahihi.

Kwa mazungumzo, watoto 8 au 10 wanatosha, wavulana na wasichana, wasomaji wazuri na wanaosoma kwa shida. Usimwachie mwalimu achague, maana atakuletea vinara wake. Kaa na mtoto mmoja mmoja mahali mnapoonekana lakini msiposikika. Anasoma kauli kwa sauti, anajibu, kisha unamwuliza mambo mawili: sentensi hii inasema nini kwa maneno yako mwenyewe, na ulikuwa unafikiria nini ulipochagua jibu hilo? Usimsahihishe. Andika anachosema kama kilivyo.

Tazama kinachoweza kutoka kwenye kauli moja tu: "Naogopa kipindi cha hisabati." Mtoto wa kwanza anasema "kweli kabisa", na ukimwuliza alikuwa anafikiria nini anakujibu: "Mwalimu anachapa ukikosa." Wa pili naye ni "kweli kabisa": "Naogopa wenzangu watanicheka." Wa tatu, "kweli kabisa" vilevile: "Zile hesabu za sehemu sizielewi." Watoto watatu wametoa jibu moja kwa mambo matatu. Mmoja anaogopa fimbo, mmoja anaogopa wenzake, na ni mmoja tu anayeiogopa hisabati yenyewe. Ukizichukua karatasi zao bila mazungumzo haya, utaandika kwenye ripoti kwamba darasa lina hofu ya hisabati, na mtu atakayeisoma ataandaa semina ya kuwashawishi watoto walipende somo, wakati tiba ya yule wa kwanza iko mkononi mwa mwalimu.

Kwa hiyo kauli moja inavunjwa. "Naogopa kukosea hesabu mbele ya wenzangu" inabaki peke yake. "Nikiona swali la hisabati nachanganyikiwa hata nikiwa peke yangu" inabaki peke yake. Ile ya adhabu inahitaji uangalifu zaidi. Ukiiuliza, basi karatasi zisipite mikononi mwa mwalimu hata dakika moja, zisiwe na majina, na uwe umeshaamua utafanya nini mtoto akikueleza jambo zito. Kama huwezi kuhakikisha hayo, iache. Hakuna data inayostahili kumtia mtoto matatani.

Baada ya mazungumzo hayo kauli zinaandikwa upya, ndipo linakuja jaribio la darasa zima. Lifanyike kwenye shule inayofanana na zile za utafiti wenyewe lakini isiyomo kati yake, kwa sababu mtoto aliyekwisha kulijaza dodoso si yule yule tena. Wanafunzi 40 wanatosha kwa kuanzia. Mwalimu wa hisabati asiwepo chumbani, wala asiwe yeye anayegawa karatasi. Ubaoni weka kauli ya mazoezi isiyohusu somo, kama "Napenda maharage kuliko mboga za majani", na uwaonyeshe kwamba wawili wanaweza kutoa majibu tofauti na wote wakawa sawa. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Watoto wetu wamezoea kwamba karatasi ikigawiwa darasani ni mtihani, na mtihani una jibu la mwalimu. Wasipoambiwa kinagaubaga, watalitafuta jibu hilo, na wasipoliona watalinakili kwa jirani.

Kisha soma kila kauli kwa sauti, polepole, mara mbili, watoto wakifuata karatasini. Hivyo dodoso halitageuka kuwa jaribio la kusoma. Shika saa. Kauli 24 pamoja na maelezo zinapaswa kuisha ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40, na ukiona nusu ya darasa imeanza kugeukageuka kwenye kauli ya 18, hiyo ni taarifa: dodoso ni refu. Msaidizi wako akae nyuma akiandika kila swali linaloulizwa na kwenye kauli ipi. Kauli iliyoulizwa na watoto watatu ina kasoro, hata kama takwimu zitakuja kuisifu.

Karatasi zikirudi, zitazame kwa macho kabla ya kompyuta. Mtoto aliyeweka vema safu moja kuanzia juu mpaka chini hakujibu kauli, alijaza nafasi. Kauli iliyoachwa wazi na wengi inauliza jambo lisilowahusu au lisilosemeka. Majirani wa dawati moja wenye majibu yanayofanana kauli kwa kauli, hao walisaidiana.

Ndipo hesabu. Kila jibu linapewa alama, 4 kwa "kweli kabisa" mpaka 1 kwa "si kweli kabisa", na kwa kauli za kulaumu unageuza: unatoa alama ya mtoto kutoka 5. Tuchukue eneo la kujiamini lenye kauli 8. Jumlisha alama za kila mtoto katika eneo hilo, wapange kutoka wa juu mpaka wa chini, kisha chukua kundi la juu na kundi la chini, kila moja asilimia 27 ya darasa. Kwa wanafunzi 40 hao ni 11 na 11. Sasa linganisha wastani wa makundi hayo kwenye kila kauli. Namba zinazofuata ni za mfano, ila ndivyo mambo yanavyokwenda. Kauli "Naweza kumwelekeza mwenzangu kufanya hesabu" inatoa 3.5 kwa kundi la juu na 1.9 kwa kundi la chini. Inafanya kazi: wanaojiamini na wasiojiamini wanaachana. Lakini kauli "Siwezi hisabati hata nikijitahidi", ambayo ilipenya licha ya uangalifu wote, baada ya kugeuzwa inatoa 2.2 juu na 2.9 chini. Imekaa kichwa chini miguu juu. Kauli nyingine, "Sihitaji msaada wa mtu kufanya hesabu", inafanya vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo dalili ya ukanushi kueleweka kinyume, na huonekana wazi namna hii. Kuna dalili nyingine ya kauli mbovu iliyo kimya zaidi: "Hisabati ni muhimu maishani" katika eneo la manufaa. Watoto 38 kati ya 40 wanasema "kweli kabisa". Mtafiti anafurahi, na hana sababu ya kufurahi, maana kauli inayojibiwa sawa na wote haimtofautishi mtu na mwingine. Watoto wamerudia walichosikia kwa mwalimu. Afadhali "Nikitumwa dukani natumia hisabati kujua chenji", inayomgusa mtoto kwa jambo alilolifanya jana.

Kipimo kinachotajwa kwenye kila ripoti ni alfa, aliyoielezea Lee Cronbach mwaka 1951. Inauliza kama kauli za eneo moja zinakwenda pamoja. Unapima kila kauli alama zake zimetawanyika kiasi gani, unajumlisha mitawanyiko hiyo, kisha unailinganisha na mtawanyiko wa jumla za watoto. Katika mfano wetu, mitawanyiko ya kauli 8 inajumlika 8.4, na mtawanyiko wa jumla ni 14. Gawanya 8.4 kwa 14 upate 0.6, toa kwenye 1 ubaki na 0.4, kisha zidisha kwa 8 juu ya 7. Alfa ni takriban 0.46, chini sana ya 0.70 ambayo watafiti wengi huichukua kuwa kiwango cha chini. Ziondoe zile kauli mbili zilizokaa kinyume. Kauli 6 zilizobaki zina mitawanyiko inayojumlika 6, na mtawanyiko wa jumla unapanda hadi 16, kwa kuwa hakuna tena kauli zinazozivuta nyingine upande wa pili. Sasa 6 kwa 16 ni 0.375, unabaki na 0.625, unazidisha kwa 6 juu ya 5, na alfa inakuwa 0.75. Watoto ni walewale, siku ni ileile, na kujiamini kwao hakukubadilika. Sentensi mbili tu zilikuwa zinaziba.

Wapo wanaoishia hapo, wakaandika 0.75 na kuendelea. Naona ni mapema. Alfa inakuambia kwamba kauli zinakwenda pamoja, haikuambii zinakwenda wapi. Kauli sita zinazopima woga wa fimbo zinaweza kupata alfa nzuri kabisa chini ya kichwa "Mtazamo kuhusu hisabati". Pia alfa hupanda ukiongeza kauli, na hupanda zaidi ukiuliza jambo moja kwa maneno tofauti mara sita, na watoto wanachoka bure. Na watoto 40 ni wachache: darasa jingine lingeweza kukupa 0.65 au 0.82. Ukitaka kuthibitisha kwa takwimu kwamba maeneo yako matatu ni matatu kweli, unahitaji wanafunzi mia mbili au zaidi, na hiyo ni kazi nyingine.

Kuna ukaguzi mmoja rahisi ambao hauhitaji programu ya kompyuta. Chukua watoto watano wa juu na watano wa chini kwenye dodoso, uzungumze nao tena kuhusu hisabati kwa dakika chache. Kama mtoto mwenye alama za chini kabisa za kulipenda somo anakueleza kwa macho ya furaha jinsi anavyoshindana na dada yake kuzidisha kwa kichwa, dodoso lako limemkosa. Rudia pia kulijaza baada ya wiki mbili kwa darasa lilelile, uone kama walio juu wamebaki juu.

Kauli zilizoandikwa upya nazo hujaribiwa, kwa darasa jingine. Mtafiti wetu alianza na kauli 24, na akibaki na 18 zinazoeleweka na kutofautisha watoto, amefanya kazi nzuri. Hata hizo 18 zina mipaka. Japani na Korea Kusini wanafunzi hupata alama za juu sana kwenye TIMSS huku wengi wao wakisema hawalipendi somo. Ukiwalinganisha watoto wa mahali pawili kwa wastani wa dodoso peke yake, unaweza kuwa unalinganisha adabu ya kujibu tu. Linganisha mtoto na mwenzake wa darasani, au mtoto huyohuyo mwanzo na mwisho wa mwaka.

Wanaosimamia tafiti hizi vyuoni wanaweza kulibadilisha jambo hili kesho asubuhi. Badala ya kuridhika na sentensi moja inayosema dodoso lilijaribiwa na alfa ikawa kadhaa, mtakeni mwanafunzi aambatanishe dodoso la kwanza na la mwisho, aonyeshe ni kauli zipi alizifuta, na mtoto alisema nini mpaka akazifuta. Nawe mwalimu mkuu unayeletewa dodoso mezani, kabla ya kutia sahihi muite mtoto mmoja anayepita kwenye baraza, amwombe mzazi wake ruhusa ukihitajika utaratibu huo, kisha umwombe akusomee kauli tano za kwanza na akueleze zinasema nini. Asipoweza, mrudishie mtafiti karatasi zake na umwambie aje tena akishazijaribu.